Kuhoji familia kuhusu ugonjwa wa akili: hospitali, mganga, na hilo neno "kwanza"

Sista, nikikaa na mama wa mgonjwa kumhoji kwa ajili ya utafiti, nianze na swali gani?

Usianze na "kwa nini mlichelewa kumleta". Hilo ni shtaka. Atakujibu "hatukuwa na nauli" na mahojiano yameishia hapo hata kama mtakaa lisaa lizima. Mwambie, mama, nisimulie ile siku ya kwanza ulipoona mwanao kabadilika, mlikuwa wapi, alifanya nini, halafu wewe nyamaza, na akinyamaza na yeye usikimbilie kumjazia maneno. Baada ya hapo muulize nyumbani mlikuwa mnauitaje huu ugonjwa, mnaona umetokana na nini, kwa nini ulianza wakati ule, kitu gani mnakiogopa zaidi, na matibabu gani mlidhani yatamfaa. Maswali ya namna hii yametokana na kazi ya daktari wa akili Arthur Kleinman na wenzake, wale wa Marekani miaka ya 1970, na mpaka leo ndo yananifungulia midomo ya watu. Cha muhimu tumia neno lake. Akisema "kachezewa" na wewe sema kachezewa, ukimrekebisha useme skizofrenia ataanza kukujibu majibu ya kukufurahisha.

Mbona kwenye mwongozo wako wa mahojiano hakuna swali la "mnachagua hospitali au mganga"?

Kwa sababu hawachagui, wanazunguka. Mimi natandika karatasi ya manila, nachora mstari mrefu, tunaweka alama kwa vitu wanavyovikumbuka: Ramadhani, msimu wa kupanda mahindi, mtoto fulani alipofanya mtihani. Kila kituo nauliza nani alisema twende huko, nani alilipa, mliambiwa ni nini, mlikaa siku ngapi, mliondoka kwa nini.

Mama mmoja kijana wake alikuwa bodaboda, miaka 22. Kabla tu ya Ramadhani akaacha kulala, usiku anaongea na simtanki ya maji. Wakaenda kwa shehe, akanyweshwa kombe. Haikusaidia, baba mdogo akasema huyu kachezewa na wenzake wa kijiweni, wakauza mbuzi 2 wakakaa kwa mganga wiki 3, na mganga akakataza sindano eti jini halitaki. Ndo wakaja hospitali, akapewa vidonge, akatulia, akarudi barabarani. Sasa familia ikaona kapona, dawa zikawekwa juu ya kabati, ugonjwa ukarudi, wakasema "dawa za hospitali zimeshindwa", wakarudi kwa mganga, na safari hii akafungwa mnyororo. Alipofika kwetu mara ya pili ilikuwa imepita miezi 11 tangu ile siku ya simtanki. Kidonda cha mnyororo kwenye kifundo cha mguu kilikuwa na upana wa dole gumba, na mama yake alikuwa amekifunga kwa kipande cha kanga. Ungemuuliza "hospitali au mganga" angekujibu hospitali, na hiyo miezi yote usingeiona.

Sasa kuna ubaya gani wakimaliza kwanza kwa mganga halafu ndo waje?

Ubaya ni hilo hilo neno "kwanza". Saikosisi ni pale mtu anaposikia sauti ambazo wengine hawazisikii au anashikilia jambo lisilokuwepo na huwezi kumtoa, na kadiri inavyokaa bila dawa ndivyo inavyokuwa ngumu kutibika vizuri. Sijasema msiombe, sijasema msimwite shehe wala mchungaji. Ombeni huku vidonge vinaendelea. Ila msimalize kwanza! Na kutulia siyo kupona, kutulia ni dawa inafanya kazi, kwa hiyo anayepunguza au kusimamisha ni daktari, siyo baba mdogo na siyo mganga.

Halafu kuna hili ambalo naliona mara kwa mara na linaniuma. Mtu ana homa na ghafla anaongea vitu havieleweki, watu wanasema kapandisha jini. Jamani, homa na kuchanganyikiwa ghafla inaweza kuwa malaria imepanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, hapo tunahesabu masaa. Hospitali siku hiyo hiyo. Mama aliyetoka kujifungua akichanganyikiwa, siku hiyo hiyo. Anayesema anataka kujiua au amegoma kula na kunywa, siku hiyo hiyo, usiku ni usiku, msisubiri asubuhi mganga aamke.

Nimefika kuhoji nikamkuta mgonjwa kafungwa mnyororo nyuma ya nyumba, nimalize mahojiano kwanza?

Hapana. Na wewe usiwe na "kwanza". Zima rekoda, muone mgonjwa, angalia kidonda, anakula, anakunywa, halafu ongea na familia bila kuwafokea kwa sababu wengi wanafunga kwa woga asipotee au asigongwe na gari. Mpigie mhudumu wa afya wa zamu aliyepangwa. Na huyo mtu na namba yake viandikwe kwenye protokali, yani ule mpango wa utafiti, kabla haijaenda kamati ya maadili, pamoja na nani atalipa usafiri. Mtafiti akitoka pale na rekodi nzuri akamwacha mgonjwa na mnyororo wake, hiyo siyo kazi ya afya.

Nina mahojiano 18 nimeshayanakili, nayachambuaje?

Njia tunayotumia sana ni ya wanasaikolojia Braun na Clarke ya 2006, yani unasoma mpaka unayajua, unaweka kodi, ndo jina fupi la kila kipande cha maneno, unakusanya kodi kuwa dhamira, unazirudia kuzipima, unazipa majina, unaandika. Weka kodi kwenye Kiswahili chenyewe, usitafsiri kwanza, maana "kachezewa", "kapandisha" na "mawazo yamemzidi" ukivitafsiri haraka vyote vinakuwa wazimu tu, wakati kila kimoja kinampeleka mgonjwa mlango tofauti.

Chukua sentensi ya yule mama: "Baba yake mdogo akasema huyu kachezewa, mimi nitasema nini na mbuzi ni wake." Hapo nina kodi 3: ndugu ndo anayetaja ugonjwa, mama hana sauti, mwenye mali anaamua. Nikikuta hali hiyo hiyo kwa familia nyingine napata dhamira, "anayelipa ndiye anayeupa ugonjwa jina". Wanafunzi wengi wananiletea dhamira inaitwa "Waganga". Hiyo siyo dhamira, hilo ni kapu. Dhamira inasema jambo, na unaweza kutafuta familia inayoipinga. Itafute kweli: mimi nilipata nyumba ambayo bibi hakuwa na hela hata kidogo ila yeye ndo aliamua, ikabidi nirudi niandike upya.

Na familia ikisema mganga ndo kamponya?

Iandike kama walivyosema, usibishane. Kisha uliza kilichobadilika ni nini: analala usiku mzima, anaoga mwenyewe, karudi kazini? Uliza pia wakati huo kulikuwa na vidonge vyovyote, maana wengi wanachanganya na hawasemi mpaka uulize. Magonjwa mengine kama baipola yanakuja na kutulia kwa vipindi hata bila dawa, kwa hiyo aliyekuwepo wakati yanatulia ndo anapata sifa. Na mhoji mganga mwenyewe, muulize mgonjwa gani huwa anamkataa na anampeleka wapi. Yupo niliyemhoji akaniambia mwenye homa hampokei kabisa, anamrudisha njiani aende zahanati. Huyo nilichukua namba yake, na mpaka leo ananipigia mgonjwa akifika kwake hajalala siku 3.