"Alichelewa kuletwa": dhana na ukweli kuhusu mama aliyefia uzazini

Msibani neno huwa ni hilo moja: alichelewa kuletwa. Mimi ni mkunga huku kwetu Dodoma, nimelisikia mara nyingi, na mara nyingi si kweli. Nitaeleza kwa kisa nilichokitunga kutokana na vingi vinavyofanana, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mhusika.

Mama wa watoto wanne, kijiji cha upande wa Bahi. Uchungu ulimshika mchana, akapanda bodaboda na wifi yake, saa 12 jioni wapo zahanati. Mtoto wa tano akazaliwa salama saa 2:10 usiku, kondo la nyuma likafuata baada ya dakika kumi. Saa 3:00 muuguzi aliandika: damu kiasi, presha 110/70, mapigo 118. Saa 4:15 presha ilikuwa 80/50, ndipo akapiga 115 kuomba gari. Gari lilifika saa 5:05. Korongo lilikuwa limejaa maji, wakazunguka, wakaingia hospitali saa 6:40. Damu ya kumwongezea ilipatikana saa 7:30. Saa 7:45 akafariki.

Sasa niambieni, nani alichelewa kumleta? Alifika saa mbili kabla ya kujifungua. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine waligawa ucheleweshaji huu mafungu matatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukiwa umeshafika. Fungu la kwanza, ambalo familia hulaumiwa kwalo, hapa halipo. Gari na korongo vilikula saa mbili na dakika 25. Zilizobaki, dakika 75 zahanati na 50 hospitali, zilipotea mama akiwa mikononi mwetu. Na damu ya uzazi isipodhibitiwa inaweza kuua ndani ya saa mbili tu.

"Lakini presha yake ilikuwa nzuri." Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, maana tunayo hata sisi wenye sare. Mama anapopoteza damu, mishipa hujibana na moyo huongeza kasi, hivyo presha husimama palepale kwa muda huku hali ikiharibika. Kinachosema mapema ni mapigo. Chukua mapigo, gawa kwa namba ya juu ya presha: 118 kwa 110 ni karibu 1.07. Ikizidi 0.9, hiyo ni hatari tayari. Huhitaji hata kikokotoo: mapigo yakiipita namba hiyo ya juu, usisubiri presha ishuke. Saa 3:00 karatasi ilikuwa imeshasema.

Na ile "damu kiasi"? Jicho hudanganya. Damu iliyonywewa na khanga na godoro huonekana ndogo, na inayochuruzika polepole haimshtui mtu. Utafiti uliotangazwa 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo chini ya mama, na damu ikifika mililita 500 tiba zote zikaanza kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki gramu 1 ya kusaidia damu kuganda, dripu, na kukagua michaniko na kondo. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe hazikuwa ngeni. Kilichobadilika ni kupima kwa kweli na kutozitoa moja moja kwa kusubiriana.

Kisha kuna cheti cha kifo. Mara nyingine huandikwa "upungufu wa damu", na hapo anahesabiwa kama aliyekuwa na ugonjwa wake mwenyewe. Huyu alikufa kwa kutoka damu, sababu inayoongoza duniani, zaidi kidogo ya robo ya vifo vyote vya uzazi.

Kuhusu kikao cha mapitio ya vifo, wengi, wauguzi wakiwemo, huamini ni cha kumtafuta mchawi. Uingereza wanafanya mapitio ya siri tangu 1952, na msingi haujabadilika: jina la mama linafutwa, la mhudumu linafutwa, swali linabaki "kwa nini". Kwa nini hakuna aliyeshtuka saa 3:00? Muuguzi alikuwa peke yake, na mama mwingine alikuwa anasukuma. Oksitosini alimchoma, lakini friji ilikuwa imezima siku kadhaa, na dawa hiyo hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto. Majibu hayo huleta mhudumu wa pili wa usiku na betri ya friji. Barua ya kujieleza isingeleta hata kimoja.

Barua huleta kitu kingine. Kikao kinachofuata utaona faili safi mno: 120/80, mapigo 80, kila dakika 15, kalamu ileile, mwandiko wa mkao mmoja, mpaka dakika mama alipokata roho.