Anastomosi za potali: damu ya tumbo inapokwepa ini

Damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo, bandama na kongosho haiendi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa na vena potali, ikapita ndani ya ini, ndipo ifike moyoni. Lakini ziko sehemu chache ambapo vijivena vya mfumo huu vimeungana na vena za kawaida za mwili. Miungano hiyo ndiyo anastomosi za potali. Iliyo muhimu zaidi iko mwisho wa chini wa umio, karibu na tumbo. Mingine iko kwenye puru, kuzunguka kitovu, na nyuma ya utumbo kwenye ukuta wa mgongo. Kwa mtu mzima wa afya hupitisha damu kidogo sana, hata haionekani.

Mchukue mvuvi kijana wa Ukerewe aliyeugua kichocho cha utumbo kwa miaka mingi. Minyoo hutaga mayai kwenye vena za utumbo, na mengine husombwa na damu hadi kwenye matawi madogo ya vena potali ndani ya ini. Mwili huyazingira kwa makovu, na matawi yakabanwa. Kwa kuwa vena potali haina vali, damu iliyozuiwa hurudi nyuma. Bandama huvimba, na vijivena vya anastomosi hulazimika kubeba mzigo ambao havikuumbwa kuubeba, vikapanuka na kujipinda. Kwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, iwe ya pombe au ya homa ya ini aina ya B, matokeo ni yale yale, ila kizuizi kiko ndani zaidi ya ini.

Mtu angetarajia kwamba njia hizi zikishafunguka shinikizo litashuka. Halishuki vya kutosha, kwa sababu ateri za utumbo nazo hutanuka na kuongeza damu inayoingia. Katika sirosisi, tofauti ya shinikizo kati ya vena potali na vena za ini ikizidi milimita 10 za zebaki, vena za umio huanza kuvimba. Ikifika 12, zinaweza kupasuka.

Umio ndio wa kuogopwa, maana vena zake zimelala chini tu ya utando wa ndani, bila nyama ya kuzishikilia. Kijana yule anaweza kutapika damu nyingi ghafla, au kupata choo cheusi kama lami, hali macho yake hayana manjano: seli za ini lake bado zinafanya kazi. Hilo huwapotosha wengi wakadhani ni vidonda vya tumbo. Bandama kubwa inayopapasika chini ya mbavu za kushoto ndiyo inayotoa siri, na kamera ya umio huthibitisha. Praziquantel itaua minyoo, lakini makovu ya zamani yanaweza kubaki, kwa hiyo vena zilizovimba hufungwa kwa mipira midogo kupitia kamera hiyo hiyo, na propranolol hutumika kupunguza shinikizo.