Barua rasmi haiishii kwenye anwani mbili na "YAH"

Kila tunapokaa walimu wa Kiswahili kusahihisha mtihani wa majaribio, hakosi mmoja wa kusema: "Wangu barua rasmi wameiva, muundo wote wanao." Tunafungua karatasi. Anwani ya mwandishi iko kulia, ya mwandikiwa kushoto, tarehe ipo, YAH imepigiwa mstari, mwishoni "Wako mtiifu". Katikati mna sentensi tatu, na ya kwanza ni ile ile: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Ukimaliza kuzisoma bado hujui mtoto anaomba nini.

Huyo hajaiva. Amekariri fremu tu, na sisi ndio tuliomkaririsha, kwa sababu barua ya mfano tunaichora ubaoni, tunaonyesha sehemu zake kwa mishale, kisha tunasema "sasa andikeni yenu".

Kwa Kidato cha Tatu natumia vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, na cha tatu siku nyingine. Muundo nausemea dakika tano. Wameuona tangu shule ya msingi. Barua ya mfano iwe fupi, ya aya tatu, kwa mfano ya kumwomba Mkuu wa Shule maktaba ifunguliwe Jumamosi. Kwa kila aya nauliza: inafanya kazi gani? Ya kwanza inasema sisi ni nani na tunaomba nini. Ya pili inatoa sababu ambayo mkuu anaweza kuihakiki. Ya tatu inasema nani atasimamia na kuanzia lini. Kisha wanafunika aya moja kwa kiganja na kuniambia msomaji atakwama wapi. Hii dakika 25 zinatosha.

Muda uliobaki wote ni wa uandishi wa pamoja, na hapa ndipo walimu wengi wanaponiudhi. Wengine wanauruka, wengine wanaugeuza imla: mwalimu anatunga kichwani, darasa linanakili. Uandishi wa pamoja maana yake sentensi zitoke kwa wanafunzi, chaki iwe kwako, na mabishano yafanyike mbele ya macho yao.

Chukua barua kwa Mtendaji wa Kijiji kuhusu daraja la miti ambalo wanafunzi huvuka kuja shule. Mmoja anapendekeza: "Tunaomba daraja litengenezwe haraka kwa sababu tunateseka sana." Naiandika hivyo hivyo, siirekebishi. Nauliza: Mtendaji akiisoma asubuhi, atamtuma nani, wapi, akafanye nini? Kimya. Kisha mmoja anasema hajui ni daraja lipi. Mwingine anasema "tunateseka" haionyeshi kitu, tuseme mbao mbili zimevunjika. Wa tatu anataka tarehe. Sentensi inafika hapa: "Tunaomba ofisi yako itume fundi akague daraja la miti lililo kati ya shule na kitongoji, ambalo mbao zake mbili zimevunjika, kabla ya mvua za Machi." Ile ya kwanza siifuti, naipiga mstari mmoja tu ibaki ikisomeka. Mwanafunzi anayeona sentensi safi peke yake hudhani mwalimu huzaliwa nazo.

Hapa pia ndipo adabu inapofundishwa. Wengi huamini barua ya heshima ni barua ya maneno mengi: "Kwa heshima na taadhima kubwa naomba kuchukua fursa hii." Nawaambia wahesabu maneno yaliyopita kabla ya ombi. Heshima kwa mtu wa ofisi ni kumfikisha kwenye ombi mapema na kumwacha aamue, ndiyo maana tunaandika "tunaomba ofisi yako itume" badala ya "ni lazima mtume".

Kuandika peke yake huja kipindi kingine, ubao ukiwa umefutwa, na lazima hali ibadilike. Ukimpa daraja tena, utapokea nakala. Mimi nawapa barua kwa Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya, kumwalika mtaalamu azungumze na klabu ya afya. Mwandikiwa ni mwingine, na ni mwaliko, siyo malalamiko, kwa hiyo aya ya pili haiwezi kuchukuliwa nzima nzima.

Darasa la wanafunzi 70 linanipa shaka ya kweli. Wanaojibu ubaoni ni wale wale wanane, na sina hakika walio nyuma wanajifunza kutunga au wanatazama tu wenzao wakitunga. Kuwafanya wawiliwawili waandike sentensi yao kwenye daftari kabla sijamwita yeyote kunasaidia, lakini kunakula muda, na aya ya tatu mara nyingi haimaliziki.

Ukisahihisha, funika kichwa na mwisho wa barua kwa karatasi. Soma mwili tu. Kama huwezi kusema inaenda kwa nani na anatakiwa afanye nini, usiijaze alama kwa sababu ya anwani. Andika pembeni swali ambalo Mganga angeuliza, umrudishie aandike upya aya hiyo moja.