Pini iliyokwenda Upanga

Ijumaa moja saa saba kasoro mchana, dereva wetu wa bodaboda alinipigia simu. "Bosi, niko Upanga hapa, ramani inasema nimefika. Mteja anasema yuko Kariakoo. Sasa huu wali naupeleka wapi?"

Mteja mwenyewe nilimfahamu, kwa sababu ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Ni dada anayeuza vitenge katika fremu iliyo ndani kabisa, chini ya ghorofa moja la Mtaa wa Congo. Kazi yangu kwenye apu yetu ya kupeleka chakula ni upande wa ramani, kwa hiyo lawama za namna hii huishia kwangu. Nilipompigia hakunipa nafasi ya kujieleza: "Kaka, mimi sijahama. Duka liko palepale. Aliyehama ni huyo ramani wenu."

Nikafungua kumbukumbu za seva kutazama maagizo yake matatu. Mawili kati ya hayo pini yake ilikuwa Upanga, nukta ileile, hadi desimali ya mwisho. Hapo nilipaswa kushtuka mapema zaidi. Simu inayosoma GPS kwa kweli hairudii nukta moja mara mbili. Hata ukiiweka mezani usiku kucha, namba za mwisho zitacheza. Nukta inayojirudia bila kubadilika haijatoka angani, imetengenezwa.

Lakini sikuwa na njia ya kuthibitisha, na kosa lilikuwa letu. Simu inapotoa mahali haitoi namba mbili tu za latitudo na longitudo. Inatoa pia namba ya tatu, nusu kipenyo cha duara kwa mita, ambayo kwenye Android huitwa `accuracy`. Maana yake ni kwamba simu inakadiria kuwa kuna uwezekano wa asilimia 68 uko ndani ya duara hilo. Asilimia 68, si mia. Kwa hiyo hata mambo yakiwa sawa, karibu mara moja katika kila tatu unaweza kuwa nje ya duara lenyewe. Sisi tulikuwa tunahifadhi namba mbili za kwanza, ya tatu tunaitupa, halafu tunachora pini yenye ncha kali kama sindano. Dereva akiiona anaamini.

Nikarekebisha apu ihifadhi namba ya tatu, nikaiweka toleo hilo kwenye simu ya yule dada Jumatatu iliyofuata, nikakaa kwenye kigoda chake katikati ya marobota ya vitenge. Usomaji wa kwanza ukaja: Upanga, `accuracy` 2000. Si 1940 wala 2013. Elfu mbili kamili.

Nilicheka. Namba hiyo ikija kamili namna hiyo kwenye Android, karibu kila mara tatizo ni ruhusa. Tangu Android 12, iliyotoka 2021, apu inapoomba mahali pako dirisha dogo hukuonyesha picha mbili za ramani, moja ya mahali halisi na nyingine ya eneo la takriban. Ukichagua ya pili, simu yako bado inajua vizuri ulipo, ila inaificha apu ukweli huo. Inasogeza nukta kidogo kwa bahati nasibu, kisha inaibandika kwenye kisanduku cha gridi chenye upana wa kilomita kama mbili, ndipo inaikabidhi. Apu inapata katikati ya kisanduku. Kisanduku cha fremu ya Mtaa wa Congo kilikuwa na kitovu chake Upanga, basi chakula kikawa kinakwenda huko. Agizo la tatu liliangukia kisanduku cha jirani, ndiyo sababu yeye alihisi pini "inaruka".

Nilimuuliza kwa nini alichagua hivyo. "Sitaki mtu anijue nilipo." Siwezi kumlaumu. Apu ya tochi ikikuomba mahali halisi, unyime bila kufikiri mara mbili. Ila kwa chakula cha moto, takriban ya kilomita mbili ni sawa na kumwambia dereva "niko mjini".

Tukabadilisha. Kwenye Android unaingia Settings, kisha Apps, unachagua apu, Permissions, Location, unawasha "Use precise location". Kwenye iPhone, kuanzia iOS 14, swichi inaitwa "Precise Location" na iko ndani ya Location ya apu husika. Angalia jambo moja: ukichagua "While using the app" bila kuwasha swichi hiyo, bado unatoa takriban. Ni maswali mawili tofauti, moja la lini na jingine la kiasi gani, na watu wengi hujibu la kwanza wakidhani wamemaliza.

Pini ikarudi Kariakoo. Dada akapiga kofi la furaha. Halafu, tukiwa tumekaa bila kunyanyuka, ikaanza kutembea. Kwanza ilikuwa ndani ya jengo, duara la mita 38. Sekunde chache ikavuka barabara, mita 95. Ikarudi, ikaenda kona ya nyuma ya jengo, mita 24. "Haya," akasema, "sasa inazurura."

Huu ulikuwa ugonjwa wa pili, na hauhusiani na ruhusa. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yanafika chini yakiwa hafifu sana. Zege la sakafu nne linayakata, bati linayazuia kabisa. Yale machache yanayoingia kwenye fremu ya ndani kama ile huwa yamegonga kwanza kioo au ukuta wa jengo la ng'ambo. Simu hupima umbali kwa muda ambao wimbi limesafiri, na wimbi husafiri mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Likizunguka mita 60 za ziada kwa kugonga ukuta, simu huamini setilaiti iko mbali kwa mita 60 zaidi. Ndiyo maana pini huvuka barabara na wewe umekaa.

Simu inapokosa setilaiti haikai kimya. Inatazama ruta za waifai zilizo karibu, inasikiliza kila moja ina nguvu kiasi gani, na kulinganisha na hazina ya kumbukumbu inayosema ruta fulani huonekana mahali fulani. Huhitaji kuunganishwa nazo, kuziona kunatosha. Hata waifai yako ikiwa imezimwa, Android bado inaweza kuzitafuta ikiwa "Wi-Fi scanning" imewashwa kwenye mipangilio ya Location. Nilipoizima pale dukani, pamoja na waifai yenyewe, duara likapanuka hadi mita mia kadhaa, kwa sababu sasa ilibaki minara ya simu tu. Nikaiwasha haraka. Watu wengi huizima wakitafuta kuokoa chaji, kisha wanashangaa kwa nini ndani ya nyumba ramani imepotea.

Kuruka kwenyewe, basi, ni simu ikibadilisha chanzo: setilaiti kidogo, waifai, setilaiti tena. Kila chanzo kina jibu lake.

Waifai nayo ina hila yake, na hii ndiyo inayonitesa zaidi kwa sababu duara linakuwa dogo na la uongo. Mteja mwingine alihama kutoka Tabata kwenda Mbezi Beach na ruta yake. Kila akiagiza akiwa sebuleni, pini inasimama Tabata, duara mita 30, imejiamini kabisa. Akitoka getini inarudi Mbezi. Hazina ilikuwa bado inaikumbuka ruta ile kwenye nyumba ya zamani, na hapakuwa na ruta za majirani za kutosha kuikanusha. Ukiona kosa linalotokea ndani tu, lenye umbali mkubwa na duara dogo, na linaelekea mahali ambapo mtu aliwahi kuishi, shuku ruta. Hujirekebisha baada ya muda, kadiri simu zenye GPS nzuri zinavyopita karibu. Mpaka hapo, dawa ni kusogeza pini kwa kidole.

Tulitoka na yule dada hadi kibarazani, nje, chini ya anga. Ndani ya dakika moja duara likashuka hadi mita 12. Hata hapo pini iliegemea upande wa jengo refu, lakini dereva anayeona mita 12 anaona na mlango. Angekuwa hana bando, tungesubiri zaidi, kwa sababu simu ingelazimika kupokea ratiba ya mizunguko ya setilaiti kutoka kwa setilaiti zenyewe, na ratiba hiyo hutumwa upya kila sekunde 30. Wimbi likikatika katikati, unasubiri mzunguko mwingine. Simu yenye data huipata mtandaoni mara moja.

Siwezi kumwambia kila mteja atoke kibarazani kila akisikia njaa. Niliporudi ofisini nilibadilisha mambo mawili. La kwanza ni hili:

```kotlin
if (loc.hasAccuracy() && loc.accuracy <= 50f) {
    showPin(loc)
} else {
    showCircle(loc, loc.accuracy)
}
```

Duara likizidi mita 50, hatuchori pini. Tunachora duara lenyewe, kwa ukubwa wake, na mteja anaombwa kuburuta alama hadi mlangoni pake. Hiyo mita 50 si namba takatifu. Niliichagua kwa sababu Kariakoo mita 50 bado ni mtaa uleule. Kule Mbweni, nyumba zilipo mbalimbali, ningevumilia zaidi.

La pili lilikuwa gumu kuwashawishi wenzangu. Alama aliyoiweka mteja kwa kidole chake sasa ndiyo inayotawala. Apu ikifunguliwa tena akiwa jirani na hapo, hatuiruhusu GPS kuisogeza, hata ikija na duara la mita 24. Zamani tulikuwa tunaiandika upya kila apu inapofunguka, na mbaya zaidi, mara nyingi kwa usomaji wa mwisho uliokuwa umehifadhiwa kwenye simu, ambao ungeweza kuwa wa saa mbili zilizopita akiwa kituo cha mwendokasi.

Dada aliburuta alama yake hadi kwenye fremu, akaandika chini yake "ngazi za nyuma, mlango wa bluu". Kisha akaniuliza, "Kaka, nikirudisha ile ya takriban, chakula kitafika?"

Nikamwambia kitafika, alama iko mlangoni. Akairudisha palepale mbele yangu.