Sosi ya nyanya ndani ya bomba haifuati hesabu za maji

Msindikaji wa Dodoma anayetaka kutoa sosi ya nyanya kwenye sufuria ya kupikia hadi mashine ya kujazia chupa huanza na swali moja: ninunue pampu ya nguvu gani? Jibu linategemea presha inayopotea njiani, na hapo ndipo mazoea ya maji yanapompoteza.

Mnato wa maji haubadiliki hata yakienda mbio. Sosi hulegea kadiri tabaka zake zinavyozidi kasi ya kuteleza, moja juu ya nyingine, na kasi hiyo ya kuteleza ni kubwa zaidi kwenye ukuta wa bomba. Tabia hiyo huelezwa kwa namba mbili: K, yaani ukubwa wa mnato wa sosi, na n, inayoonyesha inavyolegea. Maji yana n ya 1. Sosi nzito huwa karibu na 0.3. Kwa mtiririko tulivu, ambapo ΔP ni presha inayopotea, L ni urefu wa bomba, D ni kipenyo chake cha ndani na V ni kasi ya sosi:

```
ΔP = (4L/D) · K · [(8V/D) · (3n+1)/(4n)]^n
```

Tuchukue bomba la mita 10, kipenyo cha ndani milimita 50, kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, K ya 18 na n ya 0.3 (vipimo vya Pa, mita na sekunde). Namba zilizo ndani ya mabano zinatoa takriban 127, na presha inayopotea ni kama Pa 61,500, yaani baa 0.6. Maji kwenye bomba hilohilo yangepoteza Pa 630 hivi, tena yakiwa yanavurugika.

Kosa la gharama huanzia kwenye kipimo cha mnato. Ukiipima sosi hii ikizungushwa polepole, kwa kasi ya kuteleza ya 1 kwa sekunde, utasoma Pa·s 18. Ukiingiza namba hiyo kwenye kanuni ya mtiririko tulivu wa maji utapata baa 11.5, mara 19 ya ukweli, na utauziwa pampu ghali bila sababu. Kwenye ukuta wa bomba mnato halisi ni 0.6 tu.

Ukiongeza mtiririko mara mbili, presha ya sosi hupanda kwa asilimia 23 tu, ilhali ya maji hupanda zaidi ya mara tatu. Lakini bomba pana nalo halisaidii sana: kutoka milimita 50 hadi 75, kwa ujazo uleule, presha ya sosi hushuka kama mara 2.2, ya maji karibu mara 7. Kabla ya kununua bomba jipya, piga hesabu hiyo kwanza.

Huna maabara? Funga geji mbili kwenye kipande kilichonyooka na kilicholala sawa, kisha ongeza mtiririko mara mbili. Tofauti ya presha ikipanda mara 1.23, n yako ni 0.3, ikipanda mara 1.4, ni 0.5.

Kanuni hii haihesabu mwanzo. Sosi iliyolala bombani usiku kucha hugoma mpaka isukumwe kwa nguvu fulani, kwa hiyo pampu ya skrubu yenye akiba ya presha inafaa kuliko ile ya panga ya maji.