Sigara, ugoro na presha ambayo mashine ya kliniki haiioni

Wagonjwa wengi wa presha wanaohudhuria kliniki huku Mtwara hufika asubuhi na mapema, wakakaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Muda wote huo mvutaji havuti, kwa sababu hospitalini hairuhusiwi. Zamu yake inapofika huenda saa nzima imekwishapita tangu sigara yake ya mwisho. Mashine inatoa namba ya kuridhisha, inaandikwa kwenye kadi, naye anaondoka na amani moyoni. Akivuka geti tu, anawasha. Namba iliyo kwenye kadi ni ya kweli, ila ni namba ya mtu ambaye hajavuta, na huyo siye anayeishi nyumbani kwake siku nzima.

Moshi ukiingia kwenye mapafu, nikotini hupita kwenye damu na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi. Huamsha mishipa ya fahamu inayouandaa mwili kwa hatari, na tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huongeza mapigo, mara nyingi 10 hadi 20 zaidi kwa dakika, huku mishipa midogo ya damu ikibana. Ndiyo maana vidole vya mtu anayevuta hupoa. Moyo unasukuma kwa nguvu zaidi kwenye njia zilizokuwa nyembamba, kwa hiyo presha hupanda kabla hata sigara haijafika kwenye kipisi. Kwa kawaida ile namba ya juu hupanda kwa 5 hadi 10, na wapo wanaopanda zaidi, kisha hushuka taratibu kwa muda wa dakika 20 hadi 30.

Kupanda kwa 10 kwa nusu saa kunaweza kuonekana jambo dogo. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Mikindani mwenye miaka 58, anayevuta sigara 15 kwa siku. Kliniki amepimwa akakutwa na 134/84, chini ya ile 140/90 ambayo kwayo tunasema mtu ana shinikizo la juu la damu. Atoke nje, avute sigara moja, apimwe tena baada ya dakika 5. Sasa anasoma 146/92, na mapigo yametoka 74 hadi 90. Baada ya nusu saa amerudi 136/84. Kila sigara ikimchukulia nusu saa namna hiyo, sigara 15 ni saa 7 na nusu za presha iliyopanda kila siku. Akiwa baharini usiku, anavuta ya pili kabla ya kwanza haijaisha nguvu, basi presha haipati nafasi ya kushuka. Moyo, figo na mishipa ya ubongo wake vinabeba mzigo ambao kadi yake haina habari nao. Hali hii tunaiita presha iliyojificha. Humpata pia asiyevuta, lakini kwa wavutaji hatuna budi kuifikiria kila mara.

Kwa wanaotumia ugoro au tumbaku ya kutafuna, mambo huenda kinyume kidogo. Mama wa makamo kutoka Newala akiulizwa kama anavuta sigara atajibu hapana, na hasemi uongo. Swali ndilo halikumfikia. Muuguzi anayemwamkia na kuuliza, "Shikamoo mama. Ugoro je, unatumia? Leo umeweka saa ngapi?" ndiye atakayejibiwa, "Marahaba mwanangu. Huu hapa, nimeuweka nikiwa njiani."

Ugoro ukikaa kati ya mdomo na fizi, nikotini hupenya kupitia ngozi laini ya kinywa. Magadi au majivu yanayochanganywa humo huifanya ipenye kwa urahisi zaidi. Haipandi kwa kishindo kama ya sigara. Hupanda polepole, hufika kileleni baada ya nusu saa hivi, na hubaki juu kwa muda wote ugoro ulipo mdomoni na hata baada ya kutemwa. Kwa hiyo mama huyu anaweza kupimwa akiwa katikati ya kilele. Presha yake inasomeka juu, anaongezewa dozi, na mwezi unaofuata akija hajaweka kitu mdomoni namba imeshuka, watu wanadhani ni dawa mpya. Mvutaji amepimwa chini ya ukweli, yeye amepimwa juu yake, na chanzo ni kimoja.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kupimwa kaa nusu saa bila tumbaku na bila kahawa, kojoa, kisha tulia kwenye kiti dakika 5, mgongo umeegemea na miguu imekanyaga chini. Hicho ndicho kipimo sahihi cha kulinganisha mwezi kwa mwezi. Ila mwambie pia anayekupima unatumia nini na mara ngapi kwa siku. Ukiweza, pima siku nyingine ukiwa kwenye shughuli zako za kawaida, uandike saa uliyopima na saa uliyovuta au kuweka ugoro mara ya mwisho. Namba kadhaa za namna hiyo zinamfaa daktari kuliko moja ya kliniki.

Lipo lalamiko tunalolisikia sana, nalo lina msingi: "Nimeacha miezi mitatu, presha ni ile ile." Inawezekana kabisa. Kuacha huondoa vile vilele vya kila saa, lakini presha ya msingi inatokana na umri, chumvi, uzito na urithi wa ukoo. Tena wengi huongezeka kilo 4 au 5 baada ya kuacha, na uzito huo huisukuma presha juu. Anayengoja mashine imthibitishie kwamba amefanya vizuri anaweza kukata tamaa bure.

Faida kubwa iko mahali ambapo mashine ya presha haifiki. Moshi huharibu utando laini ulio ndani ya mishipa, huifanya damu igande upesi, na hewa yake ya kaboni monoksidi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Presha nayo hupiga ukuta ule ule wa mishipa. Mwenye vyote viwili ana hatari kubwa kuliko mwenye kimoja, hata namba zao zikilingana. Mvutaji akiacha, kaboni monoksidi hutoka ndani ya siku moja hivi. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua karibu nusu. Hatari ya kiharusi hukaribia ya asiyevuta baada ya miaka 5 hadi 15.

Kupunguza hakutoshi. Sigara 1 tu kwa siku huacha karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Wala kuhama kutoka sigara kwenda ugoro si kuacha: nikotini inabaki, na kinywa kinaongezewa hatari ya saratani.

Siku 3 za mwanzo ndizo ngumu zaidi: hasira za karibu, usingizi wa kukatika, kichwa kuuma. Hamu kali huja kwa dakika chache kisha hupita, ndiyo maana kunywa maji au kutembea kidogo husaidia. Hali hiyo hulegea ndani ya wiki 2 hadi 4. Dawa za presha zisiachwe wakati huo, hata ukijisikia mwepesi. Rudi kliniki baada ya mwezi upimwe presha na uzito, umtajie daktari tarehe uliyoacha, naye ndiye ataamua kama dozi ipungue au ibaki ilivyo.