Rangi ya njano haijafika, na mtu anauliza "hii sehemu hapa"

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kusoma mikataba ya ajira ya watu wasap. Mtu anatuma pdf na swali la mstari mmoja. Juzi usiku dada mmoja alinitumia mkataba wa kurasa 9, wa Kiswahili, halafu akaandika: "Kaka samahani kwa usumbufu, hii sehemu niliyopaka njano, ina maana watanikata?"

Nikafungua. Kurasa zote nyeupe pee. Hakuna njano wala kivuli chake.

Kama unafanya kazi ya kusomea watu nyaraka hili limeshakukuta, na najua vidole vinavyowasha kuandika "sijaona sehemu yoyote uliyopaka". Mimi niliwahi kuandika hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa mama mmoja miaka ya mwanzo. Akajibu "aah samahani basi kaka", na hakurudi tena mpaka leo. Yeye alikuwa amepaka kweli, kwa mkono wake, karatasi iko mezani inang'aa, halafu mtu anayemuona ni msomi anamwambia hakuna kitu. Anaona labda kakosea kutuma, anaona anasumbua, anaacha. Swali lake likabaki na mkataba wake.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijamjibu mtu naangalia kwanza rangi imepotelea wapi, maana kuna njia kama tatu na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kwamba rangi ipo ila simu yangu ndio haioneshi. Mtu akipaka kwenye pdf kwa kutumia apu, ile rangi haiingii ndani ya ukurasa, inakaa juu yake kama karatasi laini ya plastiki, imehifadhiwa kama alama pembeni. Kuna visomaji vya pdf visivyoonesha hizo alama, hasa ukifungua harakaharaka ndani ya apu nyingine. Hapo nalishusha faili, nalifungua kwa Adobe Reader kwenye kompyuta na kufungua orodha ya maoni pembeni, kama kuna alama itajitaja yenyewe na ukurasa wake. Orodha ikiwa tupu basi kwenye faili nililopata mimi hakuna alama. Inawezekana zilidondoka njiani, mfano mtu alipenda "kuprinti" upya kuwa pdf na kwenye dirisha la kuprinti pamechaguliwa `Document` badala ya `Document and Markups`, basi maandishi yanaenda na rangi inabaki nyumbani. Na kuna apu zinazoweka alama kwenye kumbukumbu zake zenyewe, yani mwenye simu anaziona kila siku lakini hazijawahi kuwa ndani ya faili hata mara moja.

Ya pili ni Word, na hiyo siipi muda mrefu, kawaida rangi inafika. Inapotea pale mtu anaponakili aya na kuibandika wasap, kule hakuna rangi ya njano ya maandishi.

Ya tatu ndio ya huyu dada na ndio naikuta zaidi: karatasi halisi, maka ya njano, halafu steshenari. Ukikuza ukurasa wa pdf yake mpaka herufi ziwe kubwa unaona kingo zake zina ngazi ngazi, ni nyeusi tupu kwenye nyeupe tupu, hakuna kijivu hata kidogo. Hiyo ni skani ya nyeusi na nyeupe. Mashine ikiwa kwenye mpangilio huo inachukua kila nukta ya karatasi na kujiuliza swali moja tu, hii inang'aa vya kutosha au haing'ai, ikifika kiwango inaitwa nyeupe na isipofika inaitwa nyeusi. Sasa njano ya maka inang'aa karibu sawa na karatasi yenyewe, kwa hiyo inaitwa nyeupe. Ukitumia maka ya bluu au ya kijani iliyokolea mambo yanageuka, wino unaweza kuitwa mweusi pamoja na herufi zilizo chini yake, unapata bonge jeusi badala ya kifungu, na angalau hapo unajua alipaka wapi ingawa husomi kitu! Wenye steshenari wanapenda mpangilio huo kwa sababu faili linakuwa dogo na herufi zinatoka kali, siwalaumu. Apu za kuskani za simu nazo zina kichujio cha kusafisha karatasi kinachofanya jambo hilo hilo.

Jambo la kujua hapa ni kwamba rangi iliyotupwa hivyo hairudi. Nimeona watu wanahangaika kuongeza ukali wa picha na mwangaza, hakuna kitakachotoka kwa sababu taarifa haimo. Kuhangaika kuna faida pale tu skani ilikuwa ya rangi na njano imefifia, hapo fungua picha, vuta kile kitelezi cha ukolezo wa rangi mpaka mwisho, na mara nyingi utaona utandu wa njano umejitokeza juu ya mistari.

Basi kwa huyu dada nilijua faili halina msaada tena, nikahamia kwenye swali lake. "Watanikata." Neno moja, lakini mkataba wa ajira una mambo mengi ya kukata. Nikasoma kurasa zote 9 na kutoa vifungu vitatu: ukurasa wa 3 kulikuwa na makato ya mkopo wa mshahara, ukurasa wa 5 hasara na uharibifu wa mali ya mwajiri, ukurasa wa 7 gharama za mafunzo endapo ataacha kazi mapema.

Na hapa ndipo kishawishi kinapokuja. Ukurasa wa 7 ndio ulikuwa mkali kuliko vyote, mtu yeyote angeogopa, na mimi nilikuwa na uhakika kabisa moyoni kwamba ndio alioupaka. Ningeweza kuanza kumwelezea pale pale. Tatizo ni kwamba ukijibu kwa kubahatisha, mwenzako hajui kuwa umebahatisha. Yeye anasoma jibu lako huku anaangalia mstari wake wa njano, na "ndio, hilo linaruhusiwa kama ulisaini" aliyoandikiwa kuhusu mafunzo anaibeba kwenye kitu kingine kabisa.

Nikamuandikia hivi:

"Dada faili limefika salama, kurasa zote 9 zinasomeka vizuri. Ile njano tu ndio skana imeila, huwa inafanya hivyo kwa njano. Naona sehemu tatu zinazoongelea kukatwa: uk. 3 inaanza 'Mwajiri anayo haki ya kukata', uk. 5 inaanza 'Hasara au uharibifu wowote', uk. 7 inaanza 'Endapo Mwajiriwa ataacha kazi'. Ni mojawapo ya hizo? Kama sio, weka kidole kwenye mstari wako upige picha unitumie, usihangaike kuandika."

Nimeupanga huo ujumbe kwa sababu. Kwanza nasema kilichofika, ili asidhani ametuma vibaya. Halafu lawama naipa skana, na ni kweli ni ya skana. Nampa maneno ya mwanzo wa kila kifungu maana namba za vifungu kwenye mikataba yetu zinachanganya, unakuta 6.2 iko mara mbili, lakini maneno ya mwanzo anayaona kwa macho yake. Na kidole ni kwa ajili ya mtu ambaye kuandika kifungu cha kisheria kwenye simu ni mateso, au hasomi haraka, sihitaji kumuuliza kama anasoma haraka. Siulizi pia "unamaanisha sehemu gani?" peke yake, kwa sababu kwake yeye alishaonesha.

Jambo moja naliepuka: kumwambia apake tena na askani tena. Steshenari ni ile ile, mpangilio ni ule ule, na ni nauli nyingine.

Baada ya kama dakika ishirini ikaja picha. Kidole kiko ukurasa wa 4. Wala sikuwa nimeuhesabu huo ukurasa! Kifungu kilisema siku za ruhusa ya malipo zitakazotolewa kwa maombi ya mwajiriwa "zitapunguzwa" kutoka kwenye likizo yake ya mwaka. Mimi nilitafuta pesa kwa sababu neno kukata linanipeleka kwenye mshahara, yeye alikuwa anaongelea siku, na kifungu chake wala hakikutumia neno kukata. Njano yenyewe kwenye picha ilikuwa inawaka kama taa.

Jibu likawa tofauti kabisa na nililokuwa nimejiandaa nalo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa humo humo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu siku hizo zipunguzwe kwa idadi ya siku za ruhusa yenye malipo ambazo mfanyakazi mwenyewe aliziomba na akapewa. Kwa hiyo ndio, watamkata siku, na ni halali, ila zile alizoomba mwenyewe na kulipwa. Nikamuongezea kwamba siku za kuumwa ni likizo nyingine yenye hesabu yake, hazitakiwi kuchotwa kwenye hizi 28, kwa hiyo akiumwa apeleke cheti cha daktari na asijaze fomu ya ruhusa ya kawaida kwa sababu tu ndio iko karibu. Hapo akaandika "heee kumbe", nadhani ndicho kilichokuwa kinamsumbua.

Nilifikiri tumemaliza. Ikaingia picha ya pili, kidole safari hii kiko ukurasa wa 5, kwenye hasara na uharibifu, sehemu ambayo hakuwahi kuipaka rangi. "Na hii uliyoitaja wewe je?" Kifungu kilikuwa kinasema mwajiri atakata thamani yote ya kilichoharibika mwisho wa mwezi huo huo. Nikamwambia hiyo sasa ina shida. Hasara ya kazini haikatwi hivyo, lazima iwe imetokana na kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, akubali deni kwa maandishi, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Akaniuliza kama hii nayo aipake. Nikamwambia aipake tu, ila akienda kuongea na mwajiri abebe karatasi yenyewe.